Samaki wa Ngapi Ndiye Mwanzo wa Faida?

Pita jioni katika kijiji chochote cha pwani yetu, tangu Mikindani na Msangamkuu mpaka Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, nawe utakuta karai la mafuta jikoni na mama anayekaanga samaki. Wanunuzi wapo, watoto wametumwa na sahani, na kopo la fedha linalia. Lakini pita tena baada ya miezi mitatu, huenda ukakuta meza imefunikwa na jiko limepoa. Ukiuliza, utajibiwa, “Mtaji umekatika.” Umekatikaje, na samaki walikuwa wakiuzwa kila siku?

Jibu mara nyingi limo katika swali moja ambalo halikuulizwa tangu mwanzo. Swali lenyewe ni hili: kila siku niuze samaki wangapi ili gharama zote zirudi, nisipate hasara wala faida? Samaki anayefuata baada ya hao ndiye mwanzo wa faida. Wote waliomtangulia wanalipa gharama tu. Mahali hapo, penye hasara iliyokwisha na faida isiyoanza, tutapaita mpaka wa hasara. Leo tutatafuta mpaka huo kwa kalamu na karatasi, na hesabu zenyewe hazizidi zile za shule ya msingi.

GHARAMA SI ZA NAMNA MOJA

Wengi wetu huandika matumizi yote katika orodha moja: samaki, mafuta, mkaa, kodi ya kibanda, nauli. Kisha tunajumlisha. Jumla hiyo ni kweli, lakini haitusaidii kujua mpaka wa hasara, maana imechanganya vitu visivyofanana.

Chukua kila gharama, uiulize: “Nikiuza samaki mmoja zaidi, wewe utaongezeka?” Mafuta yatajibu, “Ndiyo, kila samaki ananywa mafuta yake.” Kodi ya kibanda itajibu, “Hapana. Uza mia au usiuze hata mmoja, mwisho wa mwezi mimi nipo pale pale.” Basi gharama kama ile ya mafuta huitwa gharama inayobadilika, kwa kuwa hupanda na kushuka pamoja na mauzo. Na ile ya kodi huitwa gharama isiyobadilika.

Wazee wa mkoa wetu waliona jambo hili kwa ukubwa wake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli kutoka pwani ya Mtwara kwenda bara, na bandari yenye kina kirefu. Karanga hazikupatikana kama walivyotazamia, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na inafanya kazi hata leo. Lakini reli ilikosa mizigo ya kutosha, ikafungwa mwaka 1962. Tazama sababu. Reli ni lazima itunzwe, vituo viwe na watu, na treni iwe na dereva, hata kama mabehewa yamebeba magunia machache. Gharama isiyobadilika ikiwa kubwa, inadai mzigo mwingi wa kuibeba. Mzigo usipopatikana, hakuna ujanja wa karani utakaoiokoa. Na kibanda cha samaki kinafuata sheria ile ile.

TUPANGE MAFUNGU MATATU

Tuseme mama mmoja wa Mikindani ananunua vibua ufukoni vyombo vinaporudi, anawakaanga, anawauza shilingi 1,000 kila mmoja. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe utaweka za kwako, maana hata hapa pwani bei ya leo si ya kesho.

Fungu la kwanza ni gharama za kila samaki. Ndoo moja ya vibua ni shilingi 27,000, nayo ina samaki 60. Mtu wa haraka atagawanya na kusema kila samaki ni shilingi 450. Asubiri kidogo. Katika ndoo ile wamo waliopondeka, na wengine watakatika karaini. Tuseme sita hawauziki. Waliobaki 54 ndio watakaolipa ndoo nzima, na 27,000 kugawanya kwa 54 ni shilingi 500. Kila mara gawanya kwa samaki wanaouzika, usigawanye kwa walionunuliwa. Mafuta yanayonywewa na samaki mmoja tuseme ni shilingi 100. Chumvi, ndimu na karatasi ya kufungia ni 50. Jumla ya gharama za samaki mmoja ni shilingi 650.

Fungu la pili ni gharama za kila siku ya kazi. Akifungua kibanda leo, ni lazima awashe jiko, mkaa wa shilingi 3,000. Kijana anayemsaidia hulipwa shilingi 5,000 kwa siku, na nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000. Jumla ni 10,000. Gharama hizi hazijali kama ameuza samaki kumi au hamsini. Lakini asipofungua kabisa, hazilipi.

Fungu la tatu ni gharama za mwezi. Kodi ya kibanda ni shilingi 25,000, na mchango wa mlinzi wa usiku ni 10,000. Tena kuna kitu ambacho wengi hukisahau, kwa sababu hakuna anayekuja kukidai: uchakavu. Karai na jiko vilinunuliwa kwa shilingi 120,000, navyo vitadumu yapata mwaka mmoja. Basi kila mwezi vinaliwa kwa shilingi 10,000. Asipotenga fedha hizo, siku karai litakapotoboka atasema bahati mbaya imemfika, kumbe deni lilikuwa likikua polepole. Jumla ya fungu hili ni shilingi 45,000.

KUUTAFUTA MPAKA

Sasa tazama samaki mmoja anapouzwa. Analeta shilingi 1,000. Ndani yake 650 ni zake mwenyewe, za kumnunua na kumkaanga. Zinabaki 350. Hizi 350 si faida bado! Ni mchango wa samaki huyu katika kulipa mkaa, kijana, nauli, kodi, mlinzi na karai. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona 350, wanaiita faida, wanaila, na mwisho wa mwezi mwenye kibanda anakuja na kopo ni tupu.

Mama huyu hufanya kazi siku 20 kwa mwezi. Gharama za siku ni 10,000 mara 20, yaani 200,000. Ongeza zile za mwezi, 45,000, unapata 245,000. Huu ndio mzigo wote usiobadilika. Kila samaki anabeba 350. Basi uliza: ni samaki wangapi wataubeba mzigo huo? Gawanya 245,000 kwa 350, jibu ni samaki 700 kwa mwezi, au 35 kwa kila siku ya kazi. Samaki wa 35 anamaliza deni la siku. Samaki wa 36 ndiye wa kwanza kuleta faida.

Usiliamini jibu kabla ya kulipima. Kulipima ni kulirudisha katika hesabu uone kama mwisho ni sifuri. Samaki 35 huleta shilingi 35,000. Toa gharama zao, 35 mara 650, yaani 22,750. Zinabaki 12,250. Toa gharama za siku, 10,000. Zinabaki 2,250. Kwa siku 20 hizo ni 45,000, ndizo hasa gharama za mwezi. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Kama wewe ukipima na mwisho usiwe sifuri, rudi katika mafungu. Mara nyingi utakuta gharama moja umeiandika mara mbili, au umeiweka katika fungu lisilo lake. Kitu kimoja tu ukumbuke: kugawanya kukiacha baki, hesabu samaki mzima anayefuata, nawe utaona kijisenti kimezidi juu ya sifuri. Huo si ukosefu, maana hakuna anayeuza nusu ya kibua.

NDOO HAIRUDISHWI

Sasa tufike penye mtego. Hesabu yetu ya 35 imesema kila samaki ananunuliwa kwa 500. Hiyo ni kweli kama mama anaweza kununua samaki 35 tu, au kama waliobaki hawaharibiki. Lakini ufukoni ameuziwa ndoo nzima, naye hana barafu. Akiuza 35, wale 19 waliobaki wataharibika. Je, bado amefika kwenye mpaka?

Tuhesabu siku hiyo. Mauzo ni 35,000. Ndoo ni 27,000, hairudishwi. Mafuta, chumvi na karatasi za samaki 35, kwa shilingi 150 kila mmoja, ni 5,250. Zinabaki 2,750. Toa mkaa, kijana na nauli, 10,000. Amepoteza 7,250 kabla hata ya kukumbuka kodi! Naye anarudi nyumbani akisema, “Leo nimeuza thelathini na watano, nimerudisha.”

Sababu ni kwamba samaki wamehama fungu. Tulipowaandika walikuwa gharama ya kila samaki. Lakini mara ndoo inapolipiwa, na samaki hawezi kulala, ndoo imekuwa gharama ya siku, kama mkaa. Basi tupange upya. Gharama za siku sasa ni ndoo 27,000, na zile 10,000, na sehemu ya siku moja ya gharama za mwezi, 2,250. Jumla 39,250. Gharama ya kila samaki imebaki 150 tu, kwa hiyo kila anayeuzwa anabeba 850. Gawanya 39,250 kwa 850, unapata 46 na kidogo. Yaani ni lazima auze samaki 47 katika wale 54. Mpaka umetoka 35 ukafika 47, na bei ya sokoni haikubadilika hata senti moja.

Hapa tunajifunza kwamba gharama haina jina la kudumu. Kabla hujaipanga, iulize swali la pili: “Nisipokuuza leo, nitakurudisha au nitakutumia kesho?” Mafuta yaliyobaki katika chupa yatatumika kesho. Karatasi hazinuki. Lakini kibua mbichi bila barafu hakungoji. Mwenye barafu, au anayepasua samaki waliobaki na kuwafanya ng'onda kabla hawajalegea, ameshusha mpaka wake, kwa sababu sehemu ya ndoo inaokoka. Njia nyingine ni wakaangaji wawili kununua ndoo moja na kugawana sawa. Kwa mtu anayeuza samaki arobaini kwa siku, ndoo nzima ni hasara na nusu ya ndoo haimtoshi. Lakini akiweza kuchukua samaki kwa idadi anayoitaka, yuko juu ya mpaka.

KUSI LIKIVUMA

Jambo la pili linalobadilisha mpaka ni idadi ya siku. Kila mtu wa pwani anajua kwamba kusi likikaza, katikati ya mwaka, vyombo vidogo huvutwa pwani siku nyingi. Tuseme mwezi huo mama amefanya kazi siku 12 tu. Gharama za siku zimepungua pamoja na siku, lakini kodi, mlinzi na karai havijui upepo. Zile 45,000 sasa zinabebwa na siku 12, yaani 3,750 kwa kila siku. Ongeza 10,000, gawanya kwa 350, na mpaka ni samaki 40, hata kama bei ya ndoo haikupanda.

Lakini hupanda, kwa sababu samaki ni haba. Ndoo ikifika shilingi 35,100, kila samaki anayeuzika ni 650 badala ya 500. Gharama yake yote inakuwa 800, na kwa bei ile ile ya 1,000 anabeba 200 tu. Gawanya 13,750 kwa 200: mpaka ni samaki 69! Ndoo moja ina 54. Maana yake ni kwamba mama huyu akiuza ndoo nzima, asibakize hata mmoja, bado ana hasara. Anayehesabu hujua hayo kabla ya kulipa. Asiyehesabu hufurahi kwamba samaki wamekwisha mapema.

Afanye nini? Akiuza kwa shilingi 1,200, kila samaki anabeba 400, na mpaka unarudi 35. Ila ajiulize kama wanunuzi wake watakubali, kwa maana bei ikipanda wengine hugeukia dagaa. Kama hawatakubali, siku hiyo ni afadhali asifungue. Na hapa ndipo faida ya kutenga gharama za siku na za mwezi inapoonekana. Kodi atailipa, afungue asifungue, hivyo isimsukume wala isimzuie asubuhi hiyo. Aulize tu: samaki nitakaouza watalipa gharama zao na zile 10,000 za leo, na kubakiza chochote? Wakibakiza, hata kidogo, chochote hicho kinasaidia kodi. Wasipobakiza, kila jiko analowasha linaongeza shimo.

MKONO WAKO NAO UNA BEI

Bado kuna mfanyakazi mmoja ambaye hatujamwandika popote, naye ndiye huyo mama mwenyewe. Ameamka alfajiri, amesimama juani akingoja vyombo, amekaa mbele ya moshi mpaka usiku. Katika mpaka wa samaki 35 amefanya kazi bure.

Tuseme angeweza kupata kibarua cha shilingi 7,000 kwa siku kwingine. Kwa siku 20 ni 140,000. Aziweke pamoja na mzigo usiobadilika: 245,000 na 140,000 ni 385,000. Gawanya kwa 350, ni samaki 1,100 kwa mwezi, au 55 kwa siku. Angalia ajabu ya hesabu. Ndoo yake ina samaki 54 wanaouzika. Amekosa mmoja tu! Akiuza ndoo nzima kila siku bila kubakiza, atajilipa 6,650 kwa siku, karibu sawa na kibarua. Huo si mshahara wa kudharau kwa mtu anayefanya kazi karibu na watoto wake. Lakini si utajiri, tena haumwachii nafasi ya siku moja mbaya. Akitaka zaidi, haitoshi kuamka mapema zaidi. Itambidi apunguze wale sita wanaoharibika, au afungue ndoo ya pili kama wanunuzi wapo, kwa kuwa kijana, nauli na kodi vimekwisha kulipwa na ndoo ya kwanza, na mkaa wa kuongeza ni kidogo.

Neno moja kwa waliokopa katika kikoba. Fedha ya mkopo unayorudisha siyo gharama, ni mali ya watu inayorudi kwao. Gharama ni riba peke yake, nayo iandikwe katika fungu la mwezi. Hata hivyo marejesho yanatoka katika kopo lile lile, na tarehe zake hazingoji. Kwa hiyo mwenye deni afanye hesabu mbili: moja ya mpaka wa hasara, na nyingine akiongeza marejesho yote ya mwezi juu ya mzigo. Ile ya pili itamwambia auze wangapi ili siku ya kikao asiende kukopa kwa jirani.

FANYA HIVI MWEZI HUU

Chukua daftari, upige mistari uwe na safu tatu: kila samaki, kila siku, kila mwezi. Kama wewe ni mwenye pikipiki ya abiria, safu ya kwanza itakuwa kila safari, na petroli itaingia humo. Hesabu ya tajiri wako ya kila siku itaingia katika ya pili. Mwenye mashamba ya chumvi ataandika kila gunia. Kwa majuma manne andika kila shilingi siku ile ile inapotoka, hata ya ndimu. Kisha tafuta mpaka wako, uupime mpaka mwisho uwe sifuri, na uandike idadi hiyo kwa mkaa juu ya ubao wa kibanda, mahali unapoiona wewe.

Halafu jambo la mwisho, ambalo hesabu haiwezi kukufanyia: linganisha idadi hiyo na wanunuzi wanaopita kweli. Mpaka ukiwa 47, na katika siku zako nzuri unauza 40, usingoje mwezi wa tatu ndipo ushangae. Punguza mzigo, badili namna ya kununua, au ufunge kibanda mapema mtaji ukiwa bado mkononi mwako.